Kidagaa katimiza mwaka, na ndiyo, yule wa kwenye boti ni mimi

Basi jamani, leo binti yetu katimiza mwaka mmoja, mashallah, semeni mashallah kwanza kabla hamjaendelea kusoma, mamake hapa kanikodolea macho anahakikisha nimeandika. Mimi na yeye tulikuwa tumepanga posti nzuri ya kistaarabu: picha tano, maneno machache, na voisi yangu nikisimulia kumbukumbu moja ya mwaka huu. Moja tu. Sasa kwa sababu nusu ya Lamu mshaisikia hiyo voisi, na nusu nyingine mshatumiwa ile video ya sekunde kumi na nne, na jana nimepita Mkunguni nikaitwa "Bwana Gramu" na mtu nisiyemjua hata kwa sura, naona bora nieleze mwenyewe. Aliyerekodi ni rafiki yangu. Alikuwa rafiki yangu.

Mwaka jana Kidagaa alizaliwa wiki ya 34, yaani wiki sita kabla ya siku zake, kwa upasuaji wa ghafla usiku. Kilo moja na gramu 950. Nyanyake alipomuona akasema "huyu si mtoto, huyu ni kidagaa", na jina likakwama hapo hapo, la kwenye cheti hata majirani hawalijui. Mamake alikuwa amepoteza damu nyingi, yuko kitandani na dripu, hata kujigeuza hawezi. Mimi niko koridoni nimesimama na beseni na leso mbili, ile kazi ya waume wote wa dunia hospitalini, kushika vitu. Nesi akatoka akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Baba mtoto, vua shati."

Nikamwambia mimi si mgonjwa.

Akasema najua, vua shati, uoge kifua na sabuni, uje huku.

Ndivyo nilivyoingia kazi ya ukangaruu. Kwa wasiojua: mtoto aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu hana mafuta mwilini ya kujitia joto, akipoa anatumia nguvu zake zote kutafuta joto badala ya kukua, na akizidi kupoa hata kupumua kunamshinda. Kuna mashine ya kumtia joto, lakini kifua cha mtu kinafanya kazi hiyo, na nesi akaniambia jambo hili lilianzia Bogotá, kule Kolombia, mwaka 1978, madaktari walikuwa na vichanga wengi kuliko mashine wakaamua kuwafunga kwa mama zao, na hao watoto wakaendelea vizuri. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo kama huyo akae kifuani saa 8 mpaka 24 kwa siku, aanze mapema, na mama asipoweza hata baba anafaa. Mimi nikauliza, na nywele za kifua? Akasema nywele hazina neno, sabuni.

Akamleta kavaa nepi, kofia ya sufi na soksi, basi, akamuweka wima katikati ya kifua changu, miguu kaikunja kama chura, kichwa kakigeuza upande mmoja na kidevu kakiinua kidogo. Hilo la kidevu alilirudia mara tatu: shingo ikipinda mbele, njia ya hewa inajifunga, na mtoto mdogo hivyo halii kukwambia, ananyamaza tu. Kisha akachukua kikoi changu, kikoi changu cha Ijumaa, akatuzungusha nacho, kikakaza kifuani lakini tumboni kikalegea ili tumbo lipate kupanda na kushuka, na ukingo wa juu ukaishia chini ya sikio la mtoto. "Usilale chali," akasema, "egemea mito. Ushike nyayo zake kila mara, tumbo likiwa moto na nyayo baridi ujue anaanza kupoa. Akigeuka rangi au ukiona hapumui vizuri, usifikirie, niite."

Kisha akaenda zake. Saa saba usiku. Mimi na kilo moja na kitu, ndani ya kikoi.

Sasa hapa ndipo penyewe, kumbukumbu niliyoichagua, na ndiyo iliyoniponza. Kama saa tisa hivi Kidagaa akaanza kutikisa kichwa. Kidogo kidogo, mdomo wazi, anatafuta. Akasogea kwa nguvu zake zote, ambazo hazizidi za kuku mchanga, akafika mahali, akakamata. Jamani. Mimi nina ndevu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Samahani mwanangu, hapa duka limefungwa." Akaendelea. Akanyonya nywele. Maziwa ya mamake, ile dang'a ya kwanza, yalikuwa yanakamuliwa tone tone na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, kwa sababu hajui bado kunyonya akavuta akameza akapumua kwa mpango mmoja, anachoka. Basi ilibaki nusu saa na yeye anataka sasa. Nikaanza kumuimbia. Sijui nyimbo za watoto, mimi nafanya kazi ya umeme. Na kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, mizani ya asubuhi, maana walinieleza kwamba atashuka uzito kwanza siku za mwanzo ndipo apande, na kweli siku ya nne alifika 1,820, nikalia chooni. Kwa hiyo nikatunga hivi:

Gramu, gramu, njoni kwetu,
mje mwone Kidagaa;
ishirini zije leo,
thelathini za kukaa.

Na ubeti wa pili, huo wa duka, tutaufikia, msiwe na haraka, mimi mwenyewe sina haraka ya kufika huko.

Nikamuimbia kila usiku. Siku ya tano mizani ikasoma 1,845. Ishirini na tano juu. Nesi akasema kwa mtoto wa kiasi hicho wanatarajia kama gramu kumi na tano kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo tuko sawa sawa. Mimi nikachukua ni wimbo. Mamake alipopata nguvu akapokea zamu ya mchana, mimi usiku, tukatoka hospitali na 2,100 na nyumbani tukaendelea mpaka akafika kilo mbili na nusu akaanza kunipiga mateke ya mbavu, yaani kachoka na kikoi, anataka dunia.

Haya. Turudi juzi.

Juzi nilienda Mokowe kupokea mzigo uliotoka Mombasa kwa basi: gauni, kofia za karatasi, na puto kubwa la dhahabu la namba 1. (Tumelifungua nyumbani, ni 7. Mamake anasema likipigwa picha kwa ubavu litasomeka 1. Msiseme kitu kwenye picha.) Nikapanda boti ya saa tisa kurudi Amu. Upepo wa kusi, maji yanaruka, nikaitia simu yangu ndani ya nailoni ya mkate nikaifunga fundo, fundi umeme huyo, na nikakaa nyuma karibu na injini kwa sababu mbele alikuwa ameketi baba mkwe wangu. Tulisalimiana vizuri, shikamoo baba, marahaba, mtoto hajambo, hajambo. Ni mtu wa heshima kubwa, maneno machache, na mimi nikiwa naye mahali pamoja husahau mikono huwekwa wapi. Na mjue jambo moja: mzee alikuwa hajui habari ya kikoi. Kwake yeye mjukuu alilelewa kifuani na bintiye. Tulimwacha adhani hivyo, mimi ndiye niliyeomba.

Sasa voisi ya posti nilikuwa nimeirekodi asubuhi ile, dakika tatu, jaribio la tano, manne ya kwanza nimelia. Nikataka kuisikiliza kabla ya kuituma. Nikaiweka simu sikioni, nikabonyeza juu ya nailoni.

Kitu msichokijua, na mimi nilikisahau: wiki mbili nyuma nahodha aliniomba niweke taarabu kwenye spika yake, nikaunga simu yangu kwa blutuu. Spika ile ikiwashwa hutafuta simu ya mwisho iliyoijua. Juzi tulipoondoka gati la Mokowe ilikuwa imezimwa. Tulipofika kati kati, utingo akaiwasha.

Mimi nikaona tu sauti imekatika sikioni. Nikasema ni injini hii, inanizidi. Nikapandisha. Kimya. Nikapandisha tena mpaka mwisho, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nimeinama kama mtu anayesikiliza kisima. Na katika ile hali nasikia mahali fulani kuna mwanamume analia, anasema "...akafungua mdomo akalikamata ziwa langu..." Nikawaza, masikini, huyu ana shida gani. Wallahi nilimhurumia. Nikainua kichwa nimtafute ni nani. Watu wote wa kwenye boti, kama ishirini hivi, wananiangalia mimi.

Sekunde kama nne hizo. Kwa nne hizo nilikuwa bado mtu huru.

Kisha ile sauti ikasema "samahani mwanangu, hapa duka limefungwa", na nikaijua.

Nikaanza kubonyeza. Vidole vina maji ya chumvi, nailoni ina maji ya chumvi, simu inaona kidole chochote isipokuwa changu. Nabonyeza kusimamisha, inarudisha nyuma. Ziwa langu tena. Mama mmoja mwenye kapu la maembe akajifunika mdomo kwa buibui. Nabonyeza tena, inaruka mbele, ikafika kwenye wimbo, na jamani ule wimbo nauimba kwa sauti nyembamba, kwa sababu Kidagaa alipenda nyembamba. "Graamu, graamu, njoni kwetuuu." Nahodha akadhani ni beringi ya injini inalia. Akazima injini asikilize.

Mshawahi kukaa kwenye boti iliyozimwa injini kati kati ya bahari? Unasikia maji yakigonga ubavu. Unasikia kunguru wa Amu. Na nikasikika mimi, mzima mzima, bila kizuizi, "mje mwone Kidagaaa". Huyo aliyekuwa rafiki yangu akatoa simu yake, na sekunde zenu kumi na nne zinaanzia hapo.

Nikajaribu kulifungua fundo kwa meno. Nailoni ikaniteleza, ikapiga benchi, ikaingia ngamani. Ngama ilikuwa na maji ya vidole vinne na mafuta ya injini juu. Nikasema alhamdulillahi, imekufa. Haikufa. Iko chini ya maji, imefungwa vizuri na fundi umeme, na inaimba. Utingo akachukua upo akaanza kuyachota maji, eti anisaidie, kila akichota wimbo unapanda. "Ishirini zije leo." Upo. "Thelathini za kukaa." Upo. Ikamaliza ubeti wa kwanza, ikavuta pumzi, maana mimi nilivuta pumzi pale, inasikika kamasi yote, ikaanza wa pili: "Duka la baba si du..."

Ikakatika. Maji yameingia.

Kimya, hakuna aliyecheka, hilo ndilo lililoniua. Wangecheka ningecheka nao. Nimepiga magoti ndani ya maji ya mafuta, nimeshika benchi, na kutoka mbele nikasikia baba mkwe akisafisha koo.

"Malizia."

Nikasema, "Baba?"

"Malizia. Wimbo hauwatwi kati."

Sasa nyie niambieni. Mkwe wako amekwambia malizia. Kukataa ni kumvunjia heshima, na kukubali ni hili. Nilitazama maji nikakadiria kuogelea mpaka gati, nikakumbuka nina gauni la bathdei mkononi. Nikaimba. Nikiwa nimepiga magoti, kwa sauti yangu ya kawaida kwanza, akasema yule mama wa maembe, "Siyo hivyo, ile nyembamba." Nikaimba ile nyembamba:

Duka la baba si duka,
maziwa hayajajaa;
mamako akiamka,
utashiba Kidagaa.

Nilipofika "utashiba" kuna watu walishaanza kuitikia "Kidagaa". Siwezi kuapa lakini nadhani nahodha alikuwemo.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Injini ikawashwa, tukafika, mama wa maembe kanipa maembe mawili ya mtoto hakutaka pesa, simu nimeitia ndani ya mchele, haikufufuka, fundi kasema sahani ya ndani imeshaliwa na chumvi, na kabla sijafika nyumbani, kutoka gati mpaka Langoni kwa miguu, mke wangu alikuwa ameshatumiwa ile video na watu saba, mmoja yuko Malindi. Mzee tulipanda naye ngazi za gati pamoja hakusema neno. Mimi pia. Tulipofika njia panda akasimama akauliza, "Na yeo ana ngapi?" Nikasema kilo nane na gramu mia sita, baba. Akaenda zake.

Jana jioni kaja nyumbani bila kuitwa. Kamtoa Kidagaa mikononi mwa nyanyake akamuweka wima kifuani mwake juu ya kanzu, akashika nyayo zake, akauliza, "Ni hivi?" Mke wangu akasema kidevu, baba, kiinue kidogo. Kidagaa mwenyewe akavuta ndevu, ana meno sita siku hizi, hana tena mambo ya gramu.

Na kwa wale mnaouliza mbona katimiza mwaka hatembei: mtoto aliyewahi kuzaliwa huhesabiwa maendeleo kutoka siku aliyotarajiwa, mpaka afike miaka miwili. Kwa hesabu hiyo Kidagaa ana miezi kumi na nusu, anasimama kwa kushika ukuta wa daka na anasema "baba" kwa paka. Shangazi, wewe ndiye naandikia. Chanjo zake lakini zilifuata siku ya kuzaliwa, hizo hazisubiri.

Sasa shida iliyobaki. Ile voisi yangu ya dakika tatu ilikuwa ndani ya ile simu tu, na simu imekufa nayo. Nimejaribu kuirekodi tena jana usiku, haiji, nasikika kama natangaza taarabu ya harusi. Mke wangu amesema tuweke ile ya kwenye boti, na maji na upo na yote, anasema pale injini inapozimwa ndipo inapokuwa nzuri. Lakini ile mliyonayo imekatwa, inaishia mimi nimepiga magoti. Naambiwa iko nzima, mpaka mzee anaposema malizia na watu wakaitikia.

Kwa hiyo rafiki yangu, unajua nazungumza na wewe, nitumie yote bila kukatwa, kwa namba ya mke wangu, kabla ya magharibi tukate keki. Umesamehewa. Na yule kijana wa Mkomani aliyeweka ngoma chini ya sauti yangu na ule mwanga wa disko, wewe hujasamehewa, najua baraza unayokaa.